Hatifungani Mbili za Hazina Moja

Mwishoni mwa Novemba 2008 sokoni Marekani kulikuwa na hatifungani mbili za serikali zilizobakiza miaka mitano. Mdaiwa alikuwa mmoja, Hazina ya Marekani, na deni lilikuwa la dola. Ya kwanza, ya kawaida, ilimpa mnunuzi faida ya zaidi kidogo ya asilimia 1.9 kwa mwaka. Ya pili, ambayo mtaji wake huongezwa kadiri bei za bidhaa zinavyopanda, ilimpa zaidi kidogo ya asilimia 4.1 kwa mwaka, na juu yake mfumuko wowote wa bei ambao ungetokea katika miaka hiyo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza: nani basi alikuwa ananunua ile ya kwanza?

Walikuwa wengi, tena wataalamu. Ili kuona walikuwa wanafikiri nini, inafaa kwanza tuifungue hiyo hatifungani ya pili na kuangalia inavyofanya kazi.

Marekani ilianza kuziuza Januari 1997, na sokoni huitwa kwa kifupi TIPS. Tuseme umenunua moja ya dola 1,000 yenye kuponi ya asilimia 1. Kuponi hiyo haibadiliki hata siku moja. Kinachobadilika ni mtaji. Fahirisi ya bei za walaji ikipanda kwa asilimia 3, mtaji wako unaandikwa upya kuwa dola 1,030, na kuponi ya mwaka inapigwa juu ya hiyo 1,030: dola 10.30, inayolipwa nusu kila miezi sita. Mwaka unaofuata bei zikipanda tena, hesabu inaendelea kutoka hapo. Siku ya kuiva unalipwa mtaji uliokwisha kukuzwa. Bei zikishuka, mtaji nao unapunguzwa, ila siku ya kuiva Hazina haikulipi chini ya ule mtaji wa awali ulioandikwa hatifungani ilipotolewa.

Faida unayoisoma kwenye hatifungani ya namna hii huitwa faida halisi, maana inahesabiwa baada ya mfumuko wa bei kuwekwa kando. Asilimia 4.1 ya mwaka 2008 ilikuwa na maana kwamba kila mwaka uwezo wako wa kununua unga, mafuta na nguo ungeongezeka kwa kiasi hicho, bei zipande au zitulie. Asilimia 1.9 ya hatifungani ya kawaida haikuahidi kitu kama hicho. Iliahidi idadi ya dola tu. Dola hizo zingenunua nini miaka mitano baadaye, hilo lilikuwa shauri lako.

Sasa tuziweke pamoja. Kama hatifungani moja inalipa asilimia 4 ya fedha taslimu, na nyingine asilimia 1.5 pamoja na mfumuko wa bei, basi mfumuko ukiwa wastani wa karibu asilimia 2.5 kwa mwaka hadi siku ya kuiva, wenye hatifungani hizo mbili watatoka sare. Ukizidi hapo, aliyechukua ya fahirisi ndiye aliyepata zaidi. Ukiwa chini, aliyechukua ya kawaida anamcheka mwenzake. Kiwango hicho cha katikati tukiite mfumuko wa sare. Hakuna ofisi inayokitangaza kwa amri. Kinatoka chenyewe katika bei ambazo wauzaji na wanunuzi wamekubaliana siku hiyo.

Wengi hukipata kwa kutoa tu, na kwa viwango vidogo kutoa kunatosha. Kwa viwango vikubwa kosa linaonekana. Chukua hatifungani ya miundombinu ya Kenya ya Februari 2024, iliyotoka na kuponi ya asilimia 18.46, wakati mfumuko wa bei wa Januari ulikuwa asilimia 6.9. Ukitoa unapata 11.56. Lakini faida nayo inalipwa kwa shilingi zilizopungua thamani, kwa hiyo hesabu sahihi ni kugawa: 1.1846 ÷ 1.069, jibu 1.108, yaani faida halisi ya asilimia 10.8. Ni karibu robo tatu ya asilimia nzima iliyopotea kwa uvivu wa kalamu. Na hata hiyo 10.8 ni makadirio, kwa sababu tumechukua mfumuko wa mwaka uliopita tukaufanya wa miaka minane na nusu ijayo. Kufikia Oktoba mwaka uleule mfumuko wa bei Kenya ulikuwa umeshuka hadi asilimia 2.7, na mwenye kuponi ile alikuwa anakula faida halisi kubwa kuliko alivyopiga hesabu. Mwenye hatifungani ya kawaida huijua faida yake halisi baada ya safari kwisha. Mwenye ya fahirisi huijua siku anayonunua.

Turudi 2008. Gawa 1.019 kwa 1.041 utaona mfumuko wa sare ulikuwa chini ya sifuri, kama asilimia 2 na ushee hasi kwa mwaka. Kwa maneno mengine, ili aliyenunua hatifungani ya kawaida atoke sare, bei za bidhaa Marekani zilipaswa kushuka kila mwaka kwa miaka mitano mfululizo, jumla kama sehemu ya kumi. Anguko la ukubwa huo nchi hiyo haikuwa imeliona tangu mdororo mkuu wa miaka ya 1930.

Je, soko liliamini hivyo kweli? Kwa sehemu, ndiyo. Bei ya mafuta ilikuwa imeporomoka tangu katikati ya mwaka na fahirisi ya bei ilikuwa inashuka mwezi kwa mwezi. Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi wapya hawalijui: mtaji wa hatifungani hizi haufuati fahirisi ya leo, unafuata ya kama miezi mitatu nyuma. Aliyenunua mwishoni mwa Novemba alianza hesabu na bei za Agosti na Septemba, kabla ya anguko kubwa. Bei zilizokwisha kushuka Oktoba na Novemba zilikuwa zinamsubiri mbele. Mtaji wake ungepunguzwa na kila mtu sokoni alilijua hilo. Ndiyo maana alidai faida kubwa kabla ya kukubali kuibeba.

Ila sababu nzito zaidi, kwa maoni yangu, haikuhusu bei za bidhaa hata kidogo. Septemba ile benki ya Lehman Brothers ilikuwa imefilisika, na akiba kubwa ya TIPS iliyokuwa dhamana ya mikopo yake ikamwagwa sokoni. Wakati huohuo kila mwenye fedha alitaka karatasi anayoweza kuiuza asubuhi akapata taslimu mchana, na karatasi hiyo ilikuwa hatifungani ya kawaida ya Hazina. TIPS zilikuwa na wanunuzi wachache. Bei yake ikaanguka, na bei ya hatifungani ikianguka faida yake hupanda. Faida halisi iliruka, mfumuko wa sare ukazama, na gazeti likaandika kwamba wawekezaji wanatarajia bei kushuka miaka mitano. Walichokuwa wanakitaka zaidi ni kutoka mlangoni.

Kwa hiyo mfumuko wa sare una vitu vitatu ndani yake, na soko halikuonyeshi kipi ni kipi. Kuna matarajio ya watu juu ya bei. Kuna ada ya bima: anayeogopa mfumuko wa ghafla yuko tayari kulipa zaidi kwa hatifungani ya fahirisi, na hilo hukisukuma kiwango juu. Kisha kuna fidia ya ugumu wa kuuza, ambayo hukivuta chini. Siku za kawaida viwili hivi vya mwisho huwa vidogo na hukaribia kufutana. Siku za hofu hicho cha tatu hula vyote.

Matokeo yanaweza kupimwa. Kutoka majira ya Agosti na Septemba 2008 hadi majira hayohayo 2013, fahirisi ya bei Marekani ilipanda kwa jumla ya kama asilimia 7. Weka dola 10,000 kila upande, chukulia kuponi ziliwekezwa tena kwa kiwango kilekile, bila kuhesabu kodi. Hatifungani ya kawaida ilifikia karibu dola 11,000. Ya fahirisi ilipita dola 13,000. Kwa wenye karatasi mpya kulikuwa pia na ile ahadi ya kutolipwa chini ya mtaji wa awali, kwa hiyo hata kama bei zingeshuka kweli wasingepunjwa. Wenye karatasi kongwe hawakuwa na kinga kubwa hivyo, maana mtaji wao ulikuwa umekua miaka mingi na ungeweza kurudi nyuma mbali kabla ya kufika sakafuni. Ndiyo sababu TIPS mbili zinazoiva karibu wakati mmoja zilikuwa na faida tofauti majira yale, na anayehesabu mfumuko wa sare bila kuangalia karatasi ilitolewa lini hupata jibu la kumpoteza.

Kuna kosa la upande wa pili, na mwaka 2022 uliwafundisha wengi. Juni mwaka ule mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1. Waliokuwa na mifuko ya pamoja ya TIPS walitegemea kushangilia, lakini taarifa za mwisho wa mwaka zikaonyesha hasara ya zaidi ya asilimia 10. Simu za malalamiko hazikukosekana, nadhani. Mtaji ulikuwa umeongezwa kwa mfumuko kama ilivyoahidiwa. Kilichowaumiza ni faida halisi yenyewe: kwa hatifungani ya miaka kumi, mwanzoni mwa mwaka ilikuwa karibu asilimia 1 chini ya sifuri, na mwishoni ilikuwa kama 1.5 juu yake, baada ya benki kuu kupandisha riba. Mnunuzi mpya anapoweza kupata 1.5, hainunui karatasi ya hasi 1 mpaka upunguze bei sana. Kwa karatasi ya miaka kumi, kila nukta moja ya asilimia inayopanda huondoa karibu sehemu ya kumi ya bei. Nyongeza ya mfumuko haikutosha kuziba pengo hilo.

Fahirisi humlinda mtu dhidi ya bei za sokoni Kariakoo au Chicago. Haimlindi dhidi ya bei ya hatifungani yenyewe kabla haijaiva. Aliyenunua karatasi ya miaka kumi kwa hasi 1 akaishikilia mpaka mwisho anapata alichoandikiwa: kila mwaka uwezo wake wa kununua unapungua kwa asilimia 1. Inasikika kama biashara ya kichaa, mpaka uangalie mwenzake aliyechukua ya kawaida Januari 2021 kwa faida ya asilimia 1.1. Mfumuko wa sare kati yao ulikuwa kidogo juu ya asilimia 2. Miaka minne ya mwanzo, hadi Januari 2025, bei zilipanda kwa wastani wa karibu asilimia 5 kwa mwaka. Yule wa kawaida alikuwa akipoteza karibu asilimia 4 halisi kila mwaka, huku kila miezi sita akipokea kuponi yake bila kukosa.