Mteja Ameridhika, Fedha Haziji

Wengi wanaoishi kwa kazi za mtandaoni huona kwamba mteja akishabonyeza kitufe cha kuidhinisha kazi, wamelipwa. Bado. Mteja ameruhusu tu fedha zitoke kwenye amana iliyoshikwa na jukwaa. Upwork, kwa mfano, hushikilia malipo ya kazi ya bei moja kwa siku 5 baada ya idhini. Fiverr huwashikia wauzaji wengi kwa siku 14. Chanzo chake ni kadi ya benki. Mwenye kadi anaweza kuyakana malipo mbele ya benki yake, na benki ikimrudishia, jukwaa ndilo linalobaki na pengo.

Kwa hiyo malalamiko ya siku ya tatu hayana mashiko. Kesi huanza muda ukishapita.

Tuseme mtafsiri wa Mombasa amekabidhi kijitabu cha dola 180, mteja akaidhinisha tarehe 3 Machi, na jukwaa lake hushikilia malipo siku 5. Tarehe 10 akaunti bado inaonyesha Pending badala ya Available. Kwa hasira anafungua mgogoro dhidi ya mteja, na hapo ndipo anapopotea njia, maana mteja ameshatoa fedha. Mgogoro huo waweza hata kumchokoza aanze kutilia shaka kazi aliyokwisha kuikubali. Anayestahili kuandikiwa ni kitengo cha malipo cha jukwaa.

Kabla ya kuandika, asome arifa zote za akaunti. Mara nyingi kizuizi ni kidogo: jina la akaunti halilingani na la kitambulisho, au fomu ya kodi haijajazwa. Hayo anayarekebisha mwenyewe. Ikiwa kadi ya mteja ndiyo inayochunguzwa, hapo hana la kurekebisha, ila anayo haki ya kuambiwa.

Barua yenyewe iwe fupi: "Mkataba namba fulani, dola 180. Mteja aliidhinisha tarehe 3 Machi. Picha ya skrini nimeambatisha. Muda wa kushikilia uliisha tarehe 8. Naomba mniambie kizuizi ni kipi, mnahitaji hati gani kwangu, na uamuzi utatolewa lini." Habari za kodi ya nyumba na ada za watoto, ingawa ni za kweli, aziache; afisa anayesoma hana pa kuziingiza. Akijibiwa kwa maneno yaliyonakiliwa, aendelee katika tiketi ileile na kurudia maswali yasiyojibiwa. Amwombe pia mteja athibitishe, ndani ya ujumbe wa jukwaa, kwamba hapingi malipo.

Asikubali kulipwa kando. Majukwaa mengi yanakataza jambo hilo, na akaunti ikifungwa kwa kosa hilo, dola 180 zilizoshikiliwa zitakuwa ngumu zaidi kuzipata.