Ankara Imelala Mezani: Namna ya Kuidai

Tuseme wewe ni seremala wa Keko, Dar es Salaam. Umepeleka meza 12 katika ofisi fulani na kuacha ankara ya shilingi 2,400,000 ya kulipwa ndani ya siku 30. Siku hizo zimepita, na wiki tatu juu yake.

Kabla ya kuandika, mpigie mhasibu umuulize jambo moja: ankara imemfikia? Mara nyingi hubaki kwa aliyepokea mzigo, na mhasibu hawezi kulipa karatasi asiyoiona. Kama anayo, andika barua fupi:

“Ndugu Mhasibu, Yah: Ankara namba 047. Tulileta meza 12 tarehe 3 Machi, zikapokelewa kwa saini. Malipo ya shilingi 2,400,000 yalipaswa kufanyika ifikapo tarehe 2 Aprili. Tunaomba yafanyike kabla ya Ijumaa, tarehe 1 Mei. Kama kuna dosari, tafadhali tujulishe kabla ya siku hiyo. Hadi deni lilipwe, hatutaanza kazi ya makabati.”

Ambatisha nakala ya ankara na hati ya makabidhiano yenye saini. Hiyo saini ndiyo nguvu yako.

Usiombe radhi kwa kudai, wala usisimulie karo ya watoto. Deni halitokani na shida zako. Usitishie riba ambayo hamkukubaliana. Neno “mapema iwezekanavyo” nalo liache, kwa kuwa halina tarehe.

Akijibu “wiki ijayo”, muulize ni siku gani, kisha mwandikie siku hiyohiyo kuithibitisha.