Kipakatalishi Kipya au cha Mtumba: Hesabu ya Mwanafunzi wa Msambweni

Mwanafunzi wa Msambweni au Diani anayejiandaa kwenda chuoni aghalabu hukabiliwa na bei mbili, ya kipakatalishi kipya na ya kile cha mtumba kilichotoka katika ofisi za ng'ambo. Hata hivyo, bei ya dukani si gharama. Gharama ni bei, pamoja na matengenezo na betri, ukiondoa fedha zitakazorudi siku ya kukiuza.

Chukuliwe mfano wa masomo ya miaka minne, kwa bei za kukadiria tu. Kipya kinanunuliwa kwa shilingi 65,000. Dhamana yake ni ya mwaka mmoja. Katika mwaka wa nne kinahitaji betri ya shilingi 6,000, kisha kinauzwa kwa 19,000. Gharama halisi ni 52,000, yaani 13,000 kwa mwaka. Cha mtumba kinanunuliwa kwa 32,000. Betri inabadilishwa mara moja kwa 5,000, kibodi kwa 3,500, na nauli za kwenda kwa fundi Mombasa zinakula 1,500. Kikiuzwa kwa 10,000, gharama ni 32,000, sawa na 8,000 kwa mwaka. Kwa hiyo, mtumba unaweza kuharibikiwa tena kwa kiasi cha shilingi 20,000 kabla ya kulingana na kipya. Bodi kuu na kioo zikifa pamoja, pengo hilo linaweza kuzibika lote.

Hesabu hiyo imechukulia kwamba mnunuzi anajua mapema kuwa betri imechoka. Asiyejua hulipa bei ya kifaa kizima, halafu hulipa tena. Kujua si kazi ngumu. Katika kipakatalishi chenye Windows, dirisha la amri linafunguliwa na kuandikwa hivi:

```
powercfg /batteryreport
```

Mashine huandika ripoti na kuonyesha mahali ilipohifadhiwa. Ndani yake kuna `DESIGN CAPACITY`, uwezo wa betri ilipoundwa, na `FULL CHARGE CAPACITY`, uwezo uliosalia. Iwapo wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 27,500, imebaki asilimia 55. Betri ya namna hiyo ihesabiwe kuwa ya kubadilishwa, na bei yake itolewe katika bei ya muuzaji kabla fedha hazijahama mkono. Ripoti pekee haitoshi, maana zipo betri bandia zinazotoa takwimu za kupendeza. Chaja ichomolewe kwa nusu saa mashine ikifanya kazi. Kiwango kikiruka ghafla, kwa mfano kutoka asilimia 40 hadi 10, ripoti isiaminiwe. Kipanguso cha kidole kilichoinuka au kifuniko kisichofunga sawasawa huashiria betri iliyovimba, na hiyo ni hatari ya moto. Haifai hata kujadiliwa bei.

Thamani ya kuuza tena nayo ina mtego wake. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiwakubali rasmi wachakataji wengi wa Intel walio chini ya kizazi cha nane. HP EliteBook 840 G5 ni mfano mzuri, kwa kuwa jina hilohilo na umbo hilohilo liliuzwa likiwa na `i5-7200U` au `i5-8250U`. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi. Cha saba bado kitaandika tasnifu vizuri, hasa kikiwekewa Linux, lakini mnunuzi wa baadaye atakitilia shaka. Hivyo anayekichukua leo anapaswa kukipata kwa bei ya chini zaidi, na kukata ile 10,000 katika hesabu yake.

Pwani ya kusini inaongeza jambo ambalo wauzaji wa bara hawalitaji: chumvi. Upepo wa bahari hubeba unyevu wenye chumvi hadi ndani ya matundu ya chaja na ya nyaya, na shaba hugeuka kijanikibichi. Kwa hiyo, kipakatalishi kilichotumika miaka kadhaa karibu na ufuo wa Diani kichunguzwe parafujo za chini kwanza. Zenye kutu hudokeza hali ya bodi kuu, ambayo haionekani bila kufungua kifuniko. Joto nalo huizeesha betri, hasa ikiachwa kwenye chaja imejaa usiku na mchana. Katika EliteBook nyingi, mpangilio wa `Battery Health Manager` unaopatikana mashine inapowashwa huweza kuizuia isijae hadi mwisho. Mwenye kipakatalishi kipya anao upungufu uleule wa hali ya hewa. Tofauti yake ni kwamba anaanza na betri nzima, na mwaka mmoja wa dhamana ambayo, kwa kawaida, haigharimii kutu.