Chuma kikigoma, anza na daftari

Kijana mmoja anayepakia magunia kwenye ghala la mazao hapa Ngara mjini alinifuata mwezi Julai akitaka nimpe zoezi jipya la kifua. Chuma cha benchi kilikuwa kimemgomea kwenye kilo 60. Kabla sijamjibu nilimwomba daftari lake.

Nashukuru alikuwa nalo. Kila siku ya mazoezi alikuwa ameandika uzito, mara alizosukuma katika kila seti, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Lengo lake lilikuwa seti tatu za mara nane nane, ndipo aongeze uzito. Siku nne za mwisho zilisomeka hivi:

60: 8, 8, 7
60: 8, 7, 6
60: 8, 6, 5
60: 8, 6, 5

Siku moja mbaya si kukwama. Mtu anaweza kuwa ameshusha lori zima mchana, au hakulala kwa sababu ya msiba wa jirani. Mimi huita kukwama pale uzito uleule unapokaa siku tatu mfululizo bila kuongezeka hata mara moja, huku mtu akihudhuria kama kawaida. Huyu alikuwa amekwama kweli.

Sasa tazama mistari ile kwa kushuka chini, si kwa kwenda kulia. Safu ya kwanza ni nane, nane, nane, nane. Nguvu zake hazijapungua hata kidogo! Kinachoporomoka ni seti ya pili na ya tatu. Maana yake tatizo liko katikati ya seti, kwenye mapumziko.

Saa zilithibitisha. Zamani alianza saa 11:30 jioni na kumaliza saa 12:35. Siku hizi anaanza muda uleule, lakini saa 12:05 ameshavaa viatu. Kumbe walikuwa watatu wakipokezana benchi moja, na wakati wenzake wawili wanasukuma, yeye alikuwa anapumzika kama dakika tatu bila kujua. Msimu wa kahawa ulipofika, wenzake wakarudi kijijini kuvuna. Akabaki peke yake, anasukuma, anavuta pumzi kidogo, anarudi chini ya chuma.

Misuli ina akiba ndogo ya nishati ya haraka inayotumika katika seti nzito, na akiba hiyo huhitaji dakika kadhaa kurudi. Mwaka 2016 Brad Schoenfeld na wenzake walichapisha jaribio la wiki nane walilofanya kwa vijana wa kiume 21 waliozoea vyuma. Waliopumzika dakika tatu waliongeza nguvu zaidi kuliko waliopumzika dakika moja. Kundi ni dogo, lakini matokeo yake yanakubaliana na ninachokiona kwenye madaftari kila mwaka.

Kwa hiyo tulibadilisha kitu kimoja tu: dakika tatu kamili kati ya seti, akipima kwa simu. Uzito, idadi ya seti na siku za mazoezi vikabaki vilevile. Yeye alitaka aongeze na mayai, na seti ya nne juu yake. Nilimkatalia. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na chuma kikapanda, hutajua kipi kilikipandisha, na kikigoma tena utaanza kubahatisha upya.

Ingekuwa safu ya kwanza ndiyo inashuka, tuseme nane, saba, sita, ningesoma habari nyingine kabisa. Hapo mtu anakuja mazoezini akiwa tayari amechoka, na dakika za mapumziko hazitamsaidia. Ningemuuliza kuhusu usingizi, chakula na magunia, halafu ningempunguzia seti moja kwa wiki nzima. Suala la kubadilisha zoezi lenyewe huwa naliacha mwisho kabisa, kwa kuwa zoezi jipya linafuta kipimo: huna cha kulilinganisha nacho.

Kijana wetu alipoanza kupima mapumziko, siku ya kwanza aliandika 8, 8, 6. Ya pili 8, 8, 7. Ya nne akapata 8, 8, 8.

Hapo likaja tatizo la pili, ambalo jimu nyingi za saruji na bomba zinalo. Sahani yetu ndogo kabisa ni kilo mbili na nusu, na lazima ziwe mbili, moja kila upande. Kutoka 60 unaruka hadi 65, yaani zaidi ya asilimia nane kwa mkupuo. Wengi wanakwama kwenye mruko huo na kudhani wamefika mwisho wa nguvu zao. Tulijaza mchanga kwenye vifuko viwili, tukavipima kilo moja moja kwenye mizani ya duka la maharage, tukavifunga kwa mpira wa baiskeli kwenye ncha zote mbili za bomba. Na ukifika kwenye mizani hiyo, pima na sahani zako za saruji. Zetu mbili zilizoandikwa kilo 10 zilipishana kwa gramu 700.

Mstari wake wa mwisho niliouona unasema 62: 8, 7, 6. Hatutagusa kitu mpaka ifike mistari mitatu.