Macho ya Dereva Mzee na Kibao cha Mita 20

Uingereza, dereva anayekaribia miaka 70 hupata barua. Kiasi cha siku 90 kabla ya siku yake ya kuzaliwa, DVLA, ofisi ya serikali inayosimamia leseni, humtumia nyumbani fomu iitwayo D46P. Leseni yake inakwisha siku anapotimiza umri huo. Akitaka kuendelea kushika usukani, itambidi aihuishe sasa na kila baada ya miaka 3, bila kutozwa hata senti. Waswahili waliohamia huko ujanani, wakazeeka na magari yao, sasa wanaipokea barua hiyo.

Cha kushangaza ni kwamba fomu yenyewe haimtaki aende popote. Hapimwi na daktari wala haendeshi gari mbele ya mtahini. Anaulizwa kama ana maradhi fulani na kama macho yake yanatimiza masharti, anajibu, anatia saini, basi. Sharti linalojulikana zaidi ni kuweza kusoma kibao cha namba cha gari kwa umbali wa mita 20, mchana, kwa miwani kama anavaa. Mita 20 ni kama magari madogo matano yaliyoegeshwa yakifuatana. Mtahini alimsomesha kibao hicho siku ya mtihani wa leseni, pengine akiwa na miaka 20, na huenda hakuna aliyemuuliza tena tangu hapo.

Shida ni kwamba kibao kinapima jambo moja tu: kuona kwa makini kilicho mbele yako, penye mwanga mzuri. Uzee mara nyingi huanza kula mahali pengine.

Huanza na mwanga. Kadiri miaka inavyosonga, mboni hupungua na haifunguki gizani kama zamani, na lenzi ya jicho hugeuka ya manjano. Mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni takriban theluthi moja tu ya ule unaofika kwa kijana wa miaka 20. Ndiyo maana baba na mwanawe wakiwa gari moja magharibi, kijana anamwona mtu aliyevaa nguo nyeusi kando ya njia na baba hamwoni. Kisha lenzi yenye ukungu hutawanya mwanga. Gari likija na taa za fulu, mzee hupofuka kwa muda, na macho yake huchelewa kurudi sawa. Mtoto wa jicho huanza kwa dalili kama hizi, na mwenye nao mchanga anaweza kusimama adhuhuri akakusomea kibao herufi baada ya herufi.

La hila zaidi ni glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Kwa kawaida hula pembeni kwanza, polepole, bila maumivu. Mgonjwa haoni doa jeusi mahali palipoharibika, kwa kuwa ubongo hujaza pengo kwa kubahatisha: anaona barabara tupu, na mtoto anayevuka hayumo. Jicho moja pia hulifichia jingine aibu. Watu wa nyumbani ndio hugundua, wakiona bampa imekwaruzwa upande uleule kila mara, au wakisikia malalamiko kwamba siku hizi magari “yanatokea ghafla.”

Kuna pia kasi ya kuitikia. Kwenye mitaa mingi ya Uingereza mwendo ni maili 30 kwa saa, yaani gari linakula zaidi ya mita 13 kila sekunde. Mwongozo rasmi wa barabara unakadiria kwamba breki zikishakanyagwa, gari huenda mita 14 zaidi kabla ya kusimama. Hizo ni zilezile kwa kijana na kwa mzee. Tofauti iko kabla mguu haujafika kwenye breki: dereva akichelewa nusu sekunde tu, gari limeshaenda karibu mita 7 zaidi, kupita urefu wa gari lenyewe.

Wazee wengi wanalijua hili hata bila hesabu. Wanapunguza mwendo, wanaacha nafasi, na usiku hawatoki. Kinga hiyo inafaa barabara iliyonyooka. Kwenye makutano haitoshi, hasa wakati wa kupinda kulia, maana Uingereza, kama kwetu, magari hupita kushoto. Hapo lazima ukadirie kasi ya gari linalokuja, uangalie wavukao njia unayoingia, usome alama, uamue, na yote hayo kwa mwendo unaopangwa na watu wengine. Kijana huyafanya karibu kwa pamoja. Mzee huyafanya moja baada ya jingine, na la mwisho ndilo hukosa wakati.

Kumwachia mtu ajipime upofu asioweza kuuhisi ni utaratibu wa ajabu, na umekwisha kuua. Mwaka 2011, mjini Colchester, Cassie McCord, msichana wa miaka 16, aligongwa na kufa. Dereva alikuwa na miaka 87, na siku chache kabla alikuwa ameshindwa kipimo cha macho cha polisi. Polisi walimsihi aache kuendesha, akakataa, na hawakuwa na uwezo wa kumnyang’anya leseni papo hapo. Mama wa marehemu alipigania mabadiliko, na tangu 2013 polisi wanaweza kuomba DVLA ifute leseni ndani ya saa chache. Fomu ya kujijazia ilibaki. Mwaka 2025 mchunguzi wa vifo wa Lancashire, baada ya kuchunguza vifo 4 vilivyosababishwa na madereva wasioona vizuri, aliushutumu waziwazi utaratibu huo. Sasa serikali imeleta pendekezo la kuwalazimisha waliopita miaka 70 kupimwa macho.

Tuseme basi kuna mzee wa miaka 69 mjini Leicester, mwenye glakoma macho yote mawili, anayetia matone kila usiku. Binti yake anamwambia, “Baba, lazima uwaandikie.” Naye anajibu, “Kibao nakisoma, mwanangu, niwaandikie nini?” Binti ana haki. Glakoma ya macho yote mawili lazima itajwe, na anayeficha anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000, mbali na matata ya bima akigonga.

Akitaja, atapelekwa kupimwa upana wa kuona. Ataweka kidevu kwenye mashine, akodolee nukta ya katikati, na kubonyeza kitufe kila anapoona kimuliko pembeni. Masharti ni kuona upana wa nyuzi 120, zisizopungua 50 kila upande, na pasiwe na pengo kubwa karibu na katikati. Akifaulu, anaweza kupewa leseni ya mwaka 1, 2 au 3. Na kama huendesha basi dogo la msikiti, akishafika 70 ruhusa hiyo haiendelei bila fomu nyingine, D4, ambayo hiyo ni lazima ijazwe na daktari.

Akijua mwenyewe kwamba macho hayamruhusu, kwa mfano anasubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, ni bora airudishe leseni kwa hiari kabla haijafutwa. Aliyeirudisha mwenyewe, daktari akimwona yuko sawa, kwa kawaida huweza kuomba upya na kuendesha wakati maombi yanashughulikiwa. Aliyefutiwa hukaa nyumbani mpaka leseni mpya imfikie.