Acha kuzidisha kwa 1.37

Kuanzia Kahama hadi Geita nakutana na swali lile lile: “Kipimo chetu cha mtikisiko kinasoma pungufu baruti ikilipuka, nizidishe kwa ngapi?” Usizidishe.

Chukua kifaa ambacho kigeuzi chake hutoa sampuli 512,000 kwa sekunde, nawe unataka kuhifadhi 500 tu. Kazi ya kupunguza mara 1024 hupewa kichujio cha CIC, alichokieleza Eugene Hogenauer mwaka 1981. Vikusanyi vitatu vinavyofuatana hujumlisha kila sampuli inayoingia. Kati ya kila 1024 huchukuliwa moja. Kisha hatua tatu za chanuo hutoa sampuli iliyotangulia kutoka kwa ile mpya. Hakuna kuzidisha, ndiyo maana chipu ndogo inaimudu kazi hii.

Ila kichujio hiki hulegea kadiri frikwensi inavyopanda. Mtikisiko halisi wa milimita 10 kwa sekunde, ukiwa wa Hezi 10, utasomeka 9.98. Ukiwa wa Hezi 125 utasomeka 7.3.

Hapo ndipo 1.37 ilipozaliwa. Mtu alijaribu kifaa kwenye meza ya kutikisa, kwa Hezi 125 peke yake, akagawa 10 kwa 7.3, na namba hiyo ikaanza kupita mkono kwa mkono kama dawa ya babu. Sasa ipeleke kijijini. Mtikisiko uliosafiri mbali ardhini hufika umepoteza frikwensi za juu. Ule wa Hezi 10 uliosomeka sawasawa sasa unakuwa 13.7, na mwenye nyumba anaonyeshwa mtikisiko ambao haukumfikia. Irudishe kwenye ukuta wa shimo, karibu na mwamba mgumu, penye Hezi 200: kifaa kinasoma 4.3, nawe unapata 5.9, bado pungufu ya 10. Namba moja imedanganya pande mbili. Na mlipuko mmoja hubeba frikwensi hizo zote kwa pamoja, basi utachagua ipi?

Pima kwa Hezi 10 na kwa Hezi 125. Zote zikipungua kwa uwiano mmoja, tatizo ni urekebishaji wa kifaa, na hapo tu kuzidisha ni halali. Ikipungua ya juu peke yake, ni CIC.

Tiba, haraka haraka. Mwache CIC apunguze mara 256 tu, hadi sampuli 2000. Hezi 125 sasa itasoma 9.8. Fuatisha fidia hii:

```
y[n] = (10*x[n-1] - x[n] - x[n-2]) / 8
```

Utapata 10.0. Kichujio cha kawaida kimalizie mara 4 zilizobaki. Programu ya kifaa ikiwa imefungwa, sahihisha kwenye kompyuta, kila frikwensi kwa upungufu wake. Hilo nalo likishindikana, ishia Hezi 50, ambako upungufu ni asilimia 5, na uandike hivyo kwenye ripoti.