Kutafuta k, Kisha Wastani wa Kusubiri

Tuseme muda wa kusubiri daladala kituoni hauzidi dakika 20, na kusubiri kwa muda mfupi hutokea mara nyingi zaidi kuliko kwa muda mrefu. Msongamano wake wa uwezekano tunauandika f(x) = k(20 − x), x ikiwa dakika, kuanzia 0 hadi 20. Namba k bado hatuijui.

Daladala lazima ije ndani ya dakika hizo, kwa hiyo eneo lote chini ya mstari ni 1. Tukiintegreti 20 − x tunapata 20x − x²/2, ambayo kwenye 20 ni 400 − 200, yaani 200. Basi 200k = 1, na k = 1/200.

Kwa thamani tarajiwa, kila dakika huzidishwa kwanza kwa msongamano wake: tunaintegreti x(20 − x)/200. Integrali ya juu ni 4000 − 8000/3, yaani 4000/3. Ukigawanya kwa 200 unapata 20/3, dakika 6 na sekunde 40.

Wanaosahau k hupata dakika 1,333, jibu lisilowezekana, kwani thamani tarajiwa haitoki nje ya 0 na 20. Hapa ni lazima hata iwe chini ya 10, maana uzito umeelemea dakika za mwanzo.